Dawa ya Telefone: Jani la Artemizia na Hesabu ya Siku 28



Mvua imerudi, mbu wamerudi, na malaria imeingia tena katika nyumba nyingi. Pamoja nayo umerudi ujumbe ambao wengi wenu mmeupata katika vikundi vya WhatsApp. Wamama watatu wa vikundi mbalimbali wameniletea telefone zao na kuniuliza swali moja: "Mwalimu, hii ni kweli ao ni uongo?"

Maneno yanabadilika kidogo kutoka telefone moja hadi nyingine, lakini ujumbe ni huu: "Uchunguzi uliofanywa hapa kwetu Kongo, katika Maniema, umeonyesha kwamba chai ya majani ya artemizia inaponyesha malaria kuliko vidonge vya hospitali. OMS inaficha jambo hili juu ya biashara. Mama, acha kupoteza makuta. Chemsha majani, mpe mtoto. Tuma kwa watu 10."

Ningeweza kujibu kwa neno moja na kuwaacha. Lakini juma lijalo utakuja ujumbe mwingine, juu ya kisukari ao juu ya tumbo la uzazi, na mtabaki bila kujua namna ya kuupima. Kwa hiyo leo tutauchukua huu wa artemizia, tuupime hatua kwa hatua, kama vile tunavyosahihisha hesabu ubaoni. Nimeuchagua kwa sababu ni mgumu. Ndani yake kuna mambo ya kweli, na ndiyo maana unawashika hata watu waliosoma.

Andika ujumbe kwa sentensi moja

Chukua kalamu na kipande cha karatasi. Uache kando sauti ya kulia, uache picha ya munganga mwenye koti nyeupe, uache pia mambo ya biashara ya wazungu. Andika tu: nini kinaponyesha nini, kwa nani, na mimi ninaambiwa kuacha nini.

Kwa ujumbe wetu, karatasi itasema hivi: "Chai ya majani ya artemizia inaponyesha malaria ya mtoto, kwa hiyo niache vidonge."

Sasa tazama sehemu ya mwisho. Hapo ndipo uzito wa ujumbe wote ulipo. Mtu akikuambia unywe chai ya tangawizi ukiwa na mafua, na uendelee na dawa zako, hata kama anakosea hutapoteza mengi. Lakini huyu anakuambia uache dawa ya malaria kwa mtoto. Malaria ya huku kwetu, ile inayoletwa na kijidudu kinachoitwa falsiparumu, inaweza kumtoa mtoto mdogo kwenye homa ya kawaida na kumfikisha kwenye degedege ao kukosa damu ndani ya siku moja tu. Ujumbe ukiwa wa uongo, aliyeutuma hatalipa kitu. Atakayelipa ni mtoto wako.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: ujumbe unaokuambia uongeze kitu kisicho na hatari unaweza kuupima polepole. Ujumbe unaokuambia uache dawa, chanjo ao kipimo, usiufuate hata saa moja mbele ya kuupima. Wakati unaupima, endelea na kile ambacho kituo cha afya kilikuambia.

Tenga nusu ya kweli na nusu iliyobandikwa

Wamama wengi wanaamini ujumbe huu kwa sababu wamesikia kwamba dawa ya malaria inatoka kwenye mmea huo. Na wamesikia vizuri. Vidonge tunavyopewa leo kwenye kituo cha afya, artesunati pamoja na amodiakini, ao artemeta pamoja na lumefantrini, vina ndani yake dawa ya jamii ya artemisinini, na artemisinini ilitolewa kwanza katika mmea wa artemizia wa Uchina. Aliyeongoza kazi hiyo ni mwanamke, Tu Youyou, na mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobeli juu yake. Hiyo ndiyo nusu ya kweli.

Nusu iliyobandikwa ni kwamba, kwa sababu dawa inatoka kwenye mmea, kuchemsha mmea nyumbani ni sawasawa na kunywa dawa. Hapo lazima tuulize: je, walioitafuta dawa hiyo walifanya vile?

Hadithi ya Tu Youyou inajibu yenyewe. Yeye na wenzake walikuwa wanatafuta dawa katika vitabu vya zamani vya Wachina, na mwanzoni mmea huo ulitoa matokeo ya kuyumbayumba, leo unasaidia, kesho hausaidii. Kisha akasoma tena kitabu kimoja chenye zaidi ya miaka 1600. Kilisema majani yalowekwe katika maji, yakamuliwe, na ule umajimaji unyweke. Hakikusema yachemshwe. Akawaza kwamba pengine ni moto unaoharibu dawa. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, umajimaji unaochemka kwa joto la digrii 35 hivi, na mwaka 1971 akapata mchanganyiko ulioua vijidudu vyote katika wanyama waliojaribiwa. Kwa hiyo mwanamke aliyetupatia dawa hii alifaulu alipoacha njia ambayo ujumbe unatuagiza tuifuate.

Kuna sababu nyingine tatu zinazofanya sufuria isiwe kituo cha afya. Ya kwanza, artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, hivyo sehemu kubwa inabaki kwenye majani unayoyatupa. Ya pili, kiasi chake kinatofautiana kutoka mmea hadi mmea, kufuatana na mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Vikombe viwili vilivyo na rangi moja vinaweza kuwa na dawa tofauti kabisa, na hakuna mama anayeweza kuipima kwa macho. Tena kuna artemizia zaidi ya moja. Ile ya Afrika, artemizia afra, inayopandwa katika bustani nyingi za huku, haina artemisinini ao ina kidogo mno.

Ya tatu ndiyo ninayotaka mwishike zaidi, kwa sababu itatusaidia mbele. Artemisinini inaua vijidudu upesi, lakini inatoka mwilini baada ya masaa machache tu. Ndiyo maana katika kidonge cha hospitali wameiunganisha na dawa ya pili. Ya kwanza inafagia haraka, ya pili inabaki mwilini siku nyingi na kumaliza vijidudu vilivyojificha. Chai haina hiyo dawa ya pili ya kipimo kinachojulikana. Inaweza kufagia sebule na kuacha taka nyuma ya mlango.

Uliza: walihesabu siku ngapi?

Sasa tufike kwenye ushuhuda. Mama fulani atasema kwa sauti: "Mimi nilikunywa siku 3, homa ikaisha. Mnaniambia nini?" Hatumwiti mwongo. Homa iliisha kweli. Tunamuuliza tu maswali ambayo munganga angeuliza.

Swali la kwanza: ulipimwa mbele ya kunywa? Si kila homa ni malaria. Homa nyingine ni ya mafua, na inaondoka yenyewe baada ya siku 3 ao 4 hata ukinywa maji matupu. Mtu ambaye hakutolewa damu ya kidole hawezi kujua aliponywa ugonjwa gani.

Swali la pili: una miaka mingapi? Mtu mzima aliyekulia mahali penye malaria, ambaye ameumwa na mbu tangu utoto, mwili wake umezoea kupigana na vijidudu. Anaweza kuwa navyo katika damu na bado akaenda sokoni. Mtoto wa chini ya miaka 5 hajajenga nguvu hiyo, na mama mwenye mimba anapoteza sehemu yake. Kikombe ambacho baba alikunywa akaamka hakituonyeshi chochote juu ya mtoto wake wa miaka 2.

Swali la tatu: ulihesabu siku ngapi? Hapa kuna uchunguzi unaotusaidia, na wenyewe ulifanywa Kongo kwetu. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2004. Wagonjwa 132 waliingia katika hesabu. Wamoja walipewa chai ya artemizia ya Uchina, wengine kwinini. Mwanzoni chai ilionekana nzuri: homa ilishuka upesi na vijidudu vilipungua upesi. Siku ya 7, wagonjwa 74 kati ya 100 waliokunywa chai walihesabiwa kuwa wamepona, na kwa kwinini 91 kati ya 100. Ushuhuda mwingi wa WhatsApp unasimama hapo, kwa sababu mtu akiisha kujisikia vizuri anachukua telefone na kujirekodi.

Lakini wachunguzi hawakusimama siku ya 7. Waliendelea kuwafuata wagonjwa, na wengi wa wale waliokunywa chai, malaria iliwarudia. Wakaandika kwamba chai peke yake haiwezi kuchukua nafasi ya dawa za malaria. Siku hizi dawa kama hizi za malaria zinafuatwa kwa muda usiopungua siku 28, kwa sababu vijidudu vilivyobaki vinahitaji muda kuongezeka tena mpaka vionekane.

Fikirieni namna jambo hili linavyotokea nyumbani. Mtoto anapewa chai siku ya posho, siku ya kwanza ya juma homa imeshuka, mama anatuma shukrani katika kikundi. Juma la tatu homa inarudi. Mama anasema, "Mbu wamemwuma tena." Hakuna anayeandika katika kikundi kwamba ile dawa ya kwanza haikumaliza kazi. Hivyo ushuhuda mzuri unatembea mji mzima, na ule mbaya unabaki chumbani na mtoto mgonjwa. Wamama wote wamesema kweli, na bado kikundi kimedanganyika.

Niongeze jambo dogo hapa, kwa sababu mtakutana nalo. Mtu anaweza kusema, "Nilirudi kupimwa kwa kile kipimo cha haraka, kikaonyesha bado nina malaria, kwa hiyo vidonge havikunisaidia." Kipimo cha haraka kinatafuta alama ambayo vijidudu vinaacha katika damu, na alama hiyo inaweza kubaki majuma kadhaa hata baada ya vijidudu kufa. Kwa kujua kama umepona kweli, wanatumia mikroskopi, wanatazama damu yenyewe.

Karatasi bado imesimama?

Mama mwerevu ataniambia: "Mwalimu, huu ujumbe hauzungumzi juu ya ushuhuda. Unasema uchunguzi, Maniema, wagonjwa wengi. Je, huo ulikuwa uongo?"

Uchunguzi huo ulikuwapo. Ulifanywa Maniema mwaka 2015, na wagonjwa walioandikwa walikuwa 957. Ukatokea katika jarida la sayansi linaloitwa Phytomedicine. Na tena ulihesabu siku 28, kama inavyotakiwa. Uliandika kwamba siku ya 28, waliopona kwa artemizia ya Uchina walikuwa karibu 89 kati ya 100, kwa artemizia ya Afrika karibu 96, na kwa vidonge vya artesunati na amodiakini 34 tu.

Mbele ya kutafuta popote, zitazameni hizo hesabu kama mwalimu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi. Mambo mawili yanagonga jicho. Jani la Afrika, ambalo karibu halina artemisinini, limelishinda jani la Uchina lililo nayo. Na vidonge, ambavyo katika majaribio mengine ya hapa Kongo vimeponya zaidi ya 9 kati ya 10 baada ya kuwatenga wale walioambukizwa upya, hapa vimeshindwa kwa watu wengi hivyo. Inawezekana mtu mmoja akapata jambo ambalo wengine wote hawakuliona. Lakini jibu la namna hiyo haliandikwi kwenye daftari safi mpaka mwingine alipige tena na kupata lile lile. Na jaribio lingine la Kongo ambalo tumelitazama, lile la 2004, halikupata lile lile.

Kisha tunauliza swali ambalo watu wengi hawajui kwamba lipo: je, karatasi hiyo bado imesimama? Jarida la sayansi likigundua kwamba kazi iliyochapishwa haiwezi kutegemewa, linaweza kuifuta. Haliichomi. Linaiacha mtandaoni, lakini linaiandika juu neno RETRACTED, ao kwa Kifaransa RÉTRACTÉ, kusudi kila atakayeifungua ajue asiitegemee. Karatasi ya Maniema ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2020.

Ni sawa na matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani, halafu mkaguzi akafungua karatasi tena na kuyafuta. Aliyepiga picha ya ule ukuta siku ya kwanza bado ana picha, na picha si ya uongo, lakini matokeo hayapo tena. Watu wanaotuma ujumbe huu leo wanatuma ile picha ya siku ya kwanza. Wengi wao hawajui kwamba ilifutwa.

Unaweza kuona hilo mwenyewe kwa mega chache, bila kufungua video yoyote. Fungua mahali pa kutafutia, andika jina la kitu, ugonjwa, na OMS, bila maneno ya ujumbe wenyewe:

`artemisia paludisme OMS`

Kisha utafute mara ya pili, ukiongeza neno la kufutwa:

`artemisia Maniema étude rétractée`

Kwa nini nasema usiandike maneno ya ujumbe? Kwa sababu ukiandika "artemizia inaponyesha malaria OMS inaficha", mashine itakuletea wale wanaosema vile vile, na utadhani dunia nzima imekubali. Andika swali bila jibu ndani yake.

Katika utafutaji wa kwanza, tafuta ukurasa wa OMS wenyewe, ule wenye anwani inayoishia who.int. Mwaka 2019 OMS ilitoa maelezo yake: haiungi mkono kutumia majani ya artemizia kwa namna yoyote, ikiwa chai, unga ao vidonge vya majani, kwa kuzuia ao kutibu malaria. Sababu zake ni zile tulizoziona: dawa iliyo ndani haina kipimo kimoja na mara nyingi haitoshi. Na inaongeza hatari nyingine. Vijidudu vikipata dawa kidogo kidogo vinajifunza kuishi nayo, na siku moja hata vidonge vya artesunati vitashindwa.

Na ile ya kwamba OMS inaficha mmea juu ya biashara? Jibu liko katika nusu ya kweli tuliyoitenga. OMS ndiyo inayoshauri nchi zitumie dawa zenye asili yake katika mmea huu huu. Mtu anayetaka kuficha jani hapendekezi kilichotolewa ndani yake kwa dunia nzima. Ujumbe unapotumia maneno "wanatuficha", ona unachokosa: kwa kawaida maneno hayo yamewekwa pale ambapo ushuhuda wenyewe ulipaswa kuwa.

Kama huna mega wala Kifaransa

Wengi wenu mtasema telefone ni ya mume, ao mega zimeisha. Bado kuna vitu vitatu unavyoweza kufanya.

Tazama juu ya ujumbe. WhatsApp ikiweka mishale miwili pamoja, maana yake ujumbe umepita mkononi mwa watu wengi, mara 5 ao zaidi, tangu kwa aliyeuandika. Hilo halisemi kwamba ni uongo. Linasema kwamba huyo dada yako aliyekutumia si shahidi. Yeye pia aliupokea. Kwa hiyo usiuamini kwa sababu unamwamini yeye. Mwulize tu: "Dada, huu ulitoka kwa nani? Wewe uliona mwenyewe?"

Pili, beba ile karatasi yako ya sentensi moja kwa muuguzi mkubwa wa kituo cha afya, ao kwa mjumbe wa afya wa avenyu yenu, wale tunaowaita reko. Usimwulize, "Artemizia ni nzuri?" Atajibu haraka na utarudi na shaka ile ile. Mwulize maswali matatu: "Mtoto wangu wa miaka 3 akipimwa na malaria ikaonekana, unampa nini? Kwa siku ngapi? Nikimpa chai hii pekee, kitatokea nini juma la tatu?" Maswali ya namna hiyo yanaleta majibu unayoweza kuyarudisha katika kikundi.

Tatu, kama nyumbani mnakunywa chai hiyo kwa desturi na mkubwa wa jamaa hataki kuiacha, usianze vita na mama mkwe. Mwambie: "Mama, tuache kubishana juu ya jani. Mtoto aende kwanza apimwe, apewe vidonge vyake." Kikombe cha mama mkwe kibaki chake yeye, na kama yeye mwenyewe anapata homa, naye apimwe. Kwa mtoto mwenye malaria na kwa mama mwenye mimba, hakuna kikombe kinachoshika nafasi ya kituo cha afya.

Wakati unapima ujumbe, mtoto hangoji

Homa ya mtoto isipite masaa 24 bila kipimo. Kikionyesha malaria, vidonge ni vya siku 3 kamili. Artesunati na amodiakini inamezwa mara moja kila siku. Artemeta na lumefantrini inamezwa mara mbili kila siku. Kipimo cha pili cha siku ya kwanza kinafuata baada ya masaa 8, na ni vizuri imezwe pamoja na chakula ao maziwa. Idadi ya vidonge inafuata uzito wa mtoto, kwa hiyo usigawe dawa ya mkubwa kwa mdogo. Akitapika mapema baada ya kumeza, mrudishe uulize. Homa ikishuka siku ya 2, bado umalize siku ya 3. Mama anayeweka vidonge vya mwisho kwa ajili ya siku nyingine anafanya kosa lile lile la chai: anafagia sebule tu.

Na mtoto asiyeweza kunyonya ao kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, anayelala hovyo asiamke vizuri, anayepumua kwa shida ao aliyekuwa mweupe viganjani, huyo hangoji vidonge wala jibu la kikundi. Abebwe hospitali saa ile ile, hata usiku.

Ujumbe ule ulisema "Tuma kwa watu 10". Kama umekwisha kuingia katika kikundi chenu cha likelemba, usimwaibishe aliyeutuma, kwa maana alitaka kusaidia. Unaweza kunakili maneno haya na kuyaweka chini yake:

"Asante dada. Nimeuliza. Ule uchunguzi wa Maniema ulikuwapo, lakini jarida lililouchapisha liliufuta mwaka 2020. Chai inaweza kushusha homa siku za kwanza, lakini malaria inawarudia wengi mbele ya siku 28. Mtoto apimwe, apewe vidonge vya siku 3, avimalize."

Juma lijalo, wamama, mwenye ujumbe mwingine anaousumbukia auandike kwa sentensi moja, aongeze ni kitu gani unamwambia aache, na aulete kwenye mkutano wa kikundi. Tutaanza na ule unaoambia watu waache kitu cha hatari zaidi.

Mbaki na amani.